Jumapili ya Eliya: jinsi ya kuhubiri juu ya sonona na kumfikisha mgonjwa kliniki

Mwongozo huu nimewaandikia wachungaji, makatekista na wazee wa makanisa yanayoabudu kwa Kiswahili hapa Uganda, iwe ni Nakivale, Kyangwali, kwenye kambi za polisi au mitaa ya Kampala. Ni wa hubiri moja tu, la 1 Wafalme 19, kuhusu ugonjwa wa sonona: ile huzuni nzito inayomkalia mtu majuma mengi, ikamnyima usingizi, chakula na hamu ya kuishi.

Mahubiri ya namna hii huwa hayaharibikii madhabahuni. Huharibika Jumatatu. Mtu ameguswa, amepata ujasiri, amebisha hodi kwa mchungaji, na mchungaji hana la kumwambia zaidi ya "tuombe". Kwa hiyo kazi yetu inaanzia kituo cha afya, Biblia itafuata.

Hatua ya 1: Nenda kituo cha afya kwanza

Juma moja au mawili kabla ya Jumapili hiyo, nenda kituo cha afya kilicho karibu na kanisa ukamwone msimamizi wake. Muulize ni nani anayehudumia wagonjwa wa akili na hukaa siku gani. Katika vituo vya daraja la nne kwa kawaida utatarajia kumkuta afisa tabibu aliyesomea magonjwa ya akili. Kwenye vituo vidogo huenda anakuja kwa siku maalumu, na ukimtuma mtu siku isiyo yake atarudi nyumbani akiwa amevunjika moyo kuliko alivyoondoka. Kama hayupo kabisa, uliza wanampeleka mgonjwa wapi. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbarara, Gulu, Arua na Mbale, zina vitengo vya afya ya akili.

Uliza pia mambo madogo, maana ndiyo yanayowarudisha watu njiani. Je, dawa zipo mwezi huu? Mgonjwa asiyejua Kinyankole wala Kiganda atatafsiriwa na nani, na je, huyo mkalimani ni jirani yake? Mkimbizi aje na karatasi gani? Anahitaji daftari? Katika vituo vingi vya serikali mgonjwa huja na daftari la shule ambalo tabibu huandika humo, naye hurudi nalo nyumbani. Nunua madaftari matano, uyaweke ofisini kwako.

Huduma katika vituo vya serikali hailipiwi tangu 2001, isipokuwa vitengo vya kulipia vilivyomo katika baadhi ya hospitali. Gharama halisi ni bodaboda, na siku nyingine kununua dawa duka la nje kwa sababu ya kituo imekwisha. Zungumza na mtunza hazina wa kanisa zitengwe fedha kidogo za nauli. Hubiri linalosema "nendeni hospitali" kwa mtu asiye na nauli linamwongezea aibu.

Hatua ya 2: Kaa na wazee, na hasa mkalimani

Makanisa yetu mengi huhubiri kwa lugha mbili. Wewe unasema Kiswahili, ndugu aliyesimama pembeni anageuza kwa Kinyarwanda, Kirundi au Kinyankole. Ukisema "ugonjwa wa akili" naye akatoa neno la kichaa anayeokota takataka sokoni, nusu ya kanisa imeshafunga masikio. Mpe mkalimani hubiri lako Ijumaa. Mkubaliane mtaelezea hali yenyewe badala ya kutaja jina: moyo mzito, kuamka saa tisa usiku bila kulala tena, mwili kukosa nguvu, kuona huna faida kwa watu.

Wazee nao waambie mapema kwamba siku hiyo hakuna kukemea pepo kwa mtu yeyote atakayelia. Najua hapa wengine watabishana, na mimi sikukatazi kuamini kwamba pepo wapo. Lakini mgonjwa wa sonona tayari anajilaumu kwa kila kitu. Ukimshika kichwa mbele ya watu na kumwamuru pepo atoke, kesho yake akaamka vilevile, atahitimisha kwamba hata Mungu ameshindwa naye.

Ukitaka mtu atoe ushuhuda, mchague aliyepata nafuu muda mrefu uliopita, aliyekubali mwenyewe, na umsikilize kabla. Asisimulie jinsi alivyojaribu kujiua, yaani alitumia nini na alikuwa wapi. Aliyeketi benchi la nyuma huku akiwaza jambo hilohilo anaweza kuyachukua kama maelekezo. Ushuhuda wa "niliombewa nikatupa dawa" usiupe nafasi siku hiyo.

Hatua ya 3: Hubiri lenyewe

Soma 1 Wafalme 19:1-18 polepole, kisha usimulie upya kwa maneno yako. Eliya ametoka kushinda. Moto umeshuka Karmeli, na mvua imenyesha baada ya ukame wa miaka. Ujumbe wa Yezebeli unafika, anakimbia. Beer-sheba anamwacha mtumishi wake, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kumwambia Mungu, "Yatosha," achukue roho yake, kwa sababu yeye si bora kuliko baba zake. Kisha analala.

Hapo simama. Liambie kanisa: "Mtu huyu ni nabii. Anaomba. Anamjua Mungu kuliko mimi ninayewahubiria. Na anataka kufa." Nyamaza kidogo, mkalimani amalize. Sentensi hiyo ndiyo inayomfungulia mgonjwa mlango, maana kwa miezi ameambiwa kwamba aliye na imani hawezi kufika hapo.

Sasa fuata mpangilio wa alichofanya Mungu, maana hubiri lote limo humo. Malaika hamkemei. Anamgusa na kumwambia, "Inuka, ule." Kuna mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, na bila kuulizwa lolote analala tena. Malaika anarudi mara ya pili kwa chakula kilekile, akimwambia kwamba safari ni kubwa mno kwake. Usingizi na chakula vimetangulia, mazungumzo bado. Ndipo anatembea siku 40 hadi Horebu, na huko Mungu anamwuliza, "Unafanya nini hapa, Eliya?"

Waoneshe jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Mungu anauliza swali hilo mara mbili, mstari wa 9 na wa 13, na Eliya anajibu kwa malalamiko yaleyale, takriban neno kwa neno, mstari wa 10 na wa 14. Upepo umepita, tetemeko limepita, moto umepita, sauti ndogo ya utulivu imesikika, na bado Eliya anarudia wimbo wake: nimebaki mimi peke yangu. Mungu hasemi "hilo nimeshalisikia". Anasikiliza mpaka mwisho, kisha anampa kazi na mwenzake, Elisha, na kumweleza kwamba wako 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Wenye mgonjwa nyumbani wataelewa hapa. Mtu wa sonona hurudia jambo lilelile, na sisi huchoka siku ya tatu.

Kuna mipaka miwili usiivuke. Usitangaze kwamba Eliya alikuwa na sonona. Biblia haikuandika hivyo, nawe si tabibu wake. Sema tu kwamba hali yake inafanana na tunayoyaona kwetu. Na usiufanye mwisho wake kuwa ahadi kwamba baada ya siku 40 mtu yu mzima. Wapo walio na ugonjwa huu kwa miaka, unaokwenda na kurudi, na wapo ambao hawakuwa na Yezebeli yeyote: mama aliyejifungua salama, mtoto mzuri, mume mzuri, na bado analia kila asubuhi bila kujua kwa nini. Kwa ajili yao soma aya chache za Zaburi 88, zaburi inayoishia gizani bila sifa mwishoni. Imo ndani ya Biblia ikiwa hivyo, nasi hatuna haja ya kuirekebisha.

Kutoka hapo nenda kwa Hezekia, Isaya 38. Mfalme anaumwa karibu kufa, anaomba kwa machozi, Mungu anamjibu kwamba amemwongezea miaka 15. Na ukifika mstari wa 21, nabii aliyeleta jibu hilo anaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi yamejibiwa, na dawa imepakwa. Isaya hakuona kwamba dawa inamwaibisha Mungu.

Wahubiri wengi hapa hutumia mfano wa malaria: ukiugua unaombewa na unameza dawa, basi na sonona vivyo hivyo. Ni mfano mzuri wa kuondoa aibu, lakini una mtego. Dawa ya malaria ya vidonge humalizika kwa siku 3. Ya sonona kwa kawaida huanza kusaidia baada ya majuma 2 hadi 4, na mtu akishajisikia vizuri huendelea kuimeza miezi mingi, mara nyingi 6 au zaidi. Ukitumia mfano huo, sema tofauti hiyo waziwazi, la sivyo siku ya nne watu watarudi kukuambia dawa imeshindwa.

Waambie pia kwamba matibabu si vidonge tu. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ulifanyika utafiti ambao watu wenye sonona katika nusu ya vijiji hivyo walikutana kwa vikundi kila juma, dakika 90, kwa majuma 16, wakiongozwa na watu wa kulekule waliofundishwa kazi hiyo. Walizungumza juu ya kufiwa, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko makubwa ya maisha na upweke. Mwishoni, karibu watu 6 au 7 tu kati ya 100 katika vikundi hivyo walikuwa bado na ugonjwa, wakati katika vijiji vingine walibaki zaidi ya nusu. Shirika la StrongMinds, lililoanzishwa 2013, limekuwa likitumia njia hiyohiyo nchini. Mambo haya yalifanyika Uganda, kwa wakulima, na mtu wa Isingiro au Masaka hawezi kukuambia kwamba ni mambo ya Wazungu.

Halafu Butabika. Litaje jina, kwa kuwa limo vichwani mwa wote. Hospitali hiyo ya Kampala ilianza 1955 na ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, lakini mitaani jina lake limekuwa tusi. Waeleze kwamba mwenye sonona kwa kawaida hutibiwa akitokea nyumbani, anarudi siku hiyohiyo akapike, na kwamba wengi hawatafika Butabika kamwe. Na anayelazwa huko, mkamtembelee kama mnavyomtembelea aliyelazwa kwa upasuaji.

Funga hubiri kwa sentensi ambazo mtu ataondoka nazo. Mimi ningesema hivi: "Kama ni wewe, hujamkosea Mungu kwa kuugua. Mahali pako katika kanisa hili ni palepale. Kliniki ya afya ya akili ni siku fulani, mahali fulani. Mama Mchungaji na Mzee fulani watakusindikiza, na nauli ipo." Weka siku, mahali na majina halisi.

Hatua ya 4: Usiwaite mbele

Hili ni gumu kwetu tuliozoea kuita watu madhabahuni. Anayekuja mbele Jumapili hii amejitangaza mbele ya mama mkwe, mwenye nyumba na kwaya nzima. Omba kwa ajili ya wote wakiwa wameketi. Kisha rudia majina ya wale wawili, mwanamke na mwanamume, na useme watapatikana Jumatatu na Jumanne saa fulani. Wanaume, hasa wanaokunywa waragi usiku ili walale, hawatamfuata Mama Mchungaji. Watamfuata mzee wanayekutana naye kwenye kazi.

Hatua ya 5: Anapokuja

Tuchukue mfano. Ni mama wa kwaya, ana miaka thelathini na kitu, alitoka Kongo na watoto wanne. Hajaimba tangu mwezi uliopita. Anasema kichwa kinawaka, kifua kinabana, ameshapimwa malaria mara mbili na haikuonekana. Hataji huzuni kabisa. Huko kuumwa kwa mwili ndiko wengi wetu tunakoanzia.

Muulize mawili. Majuma mawili haya, je, umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Je, umekuwa na moyo mzito au kukata tamaa karibu kila siku? Akijibu ndiyo kwa moja, hujapima ugonjwa, umepata sababu ya kumpeleka kwa anayeujua. Usiende mbali zaidi, wala usimpe jina la ugonjwa. Tabibu huenda akataka kwanza kuangalia damu, tezi ya shingo au maambukizi mengine, kwa kuwa yapo yanayofanana na sonona.

Kisha muulize lile ambalo ulimi unalikwepa: "Mama, umefika mahali pa kuona afadhali kufa? Umewaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Anaweza kuogopa kujibu, kwa sababu sheria ya adhabu ya Uganda kwa miaka mingi imehesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mwambie wewe si polisi. Lakini usimwahidi siri isiyo na mwisho. Sema: "Nitalitunza, ila nikiona maisha yako yako hatarini nitamhusisha mtu mmoja unayemwamini. Tumchague sasa."

Huyu mama akisema, "Nawaza tu Mungu anichukue, lakini watoto wangu," msindikize siku ya kliniki iliyo karibu zaidi, na usiku zote za katikati awe na mtu wa kulala naye nyumbani. Akisema amepanga atakavyofanya, hakuna kungoja kliniki wala ibada ya jioni. Asiachwe peke yake hata kwenda msalani bila mtu karibu, na apelekwe hospitali saa hiyo. Dada yake au jirani aondoe nyumbani dawa za kunyunyizia shamba na vidonge vyote. Fanyeni hivyo kimya, bila kutangaza kwenye kundi la simu la kanisa.

Siku ya kliniki, anayemsindikiza ashike daftari na amsaidie kusema mambo mawili ambayo wagonjwa husahau. La kwanza ni dawa nyingine anazomeza, zikiwemo za miti shamba, na kama ana mimba au ananyonyesha. La pili ni kama aliwahi kuwa na siku nyingi za kutolala huku akiwa na nguvu kupita kiasi, akisema haraka haraka, akigawa mali. Hali hiyo huonyesha ugonjwa mwingine, na dawa ya kawaida ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kuuwasha. Baada ya hayo msindikizaji atoke nje, amwache na tabibu.

Hatua ya 6: Majuma ya kwanza ya dawa

Hapa ndipo kanisa linapoweza kuharibu kila kitu kwa nia njema. Tuseme mama yule amepewa amitriptilini. Juma la kwanza kinywa kinamkauka, asubuhi ana usingizi, na moyo ni uleule mzito. Madhara yametangulia, faida bado iko njiani. Akipewa fluoksetini huenda akaona kichefuchefu au wasiwasi siku za mwanzo. Wasiwasi ukizidi, au mawazo ya kufa yakiongezeka, arudi kliniki mara moja. Vinginevyo mtembelee siku ya tano na ya kumi, umwulize amemeza au hapana, umsaidie kuvumilia. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja ni sumu, kwa hiyo pakiti itunzwe na mtu mwingine wa nyumbani, na mbali na watoto.

Mfungo wa siku tatu bila kula wala kunywa si wake wakati huu. Mkesha wa usiku kucha nao si wake, na hasa si wa yule mwenye historia ya siku za kutolala, kwani kukosa usingizi usiku mmoja kunaweza kumrudisha kwenye ugonjwa. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mamlaka yako ya mchungaji, maana asiposikia kwako atafunga kwa kuogopa kuonekana amerudi nyuma. Mpe saa ya maombi ya asubuhi badala ya mkesha.

Karibu na juma la nne au la sita ataanza kulala, atasonga ugali tena, labda atarudi kwaya. Ndipo atakapotaka kuacha dawa, na ndugu watamwambia kwamba ameshapona. Jibu ni moja: dawa haiachwi ila kwa mpango wa tabibu, taratibu. Ikiwa baada ya majuma sita hakuna nafuu yoyote, arudi pia, maana kipimo huongezwa au dawa hubadilishwa.

Na kituo kikisema dawa imekwisha, asingoje mwezi ujao. Mpigie afisa uliyeonana naye katika hatua ya kwanza, umwulize kituo gani cha jirani kinayo, au andiko gani la kupeleka duka la dawa, kisha mtume mtu na bodaboda siku hiyohiyo, daftari likiwa mkononi.